Uzi: Mkulima wa mahindi aliyefuata bei ya kwenye simu hadi Kisenyi. Alipata au alipoteza?

#1 Karani_wa_Karuma

Habari za jioni wanajukwaa. Nimetunga hadithi fupi kuhusu mambo ya kwetu Kiryandongo. Mzee na mnunuzi ni wa kubuni, na bei pia nimeziweka mwenyewe. Someni kwanza, swali liko chini.

Mwezi wa saba, mzee mmoja wa ndani ndani ya Kigumba alikuwa amepukuchua magunia ishirini ya mahindi. Aliyapima kwa mizani ya kikundi chao, kila gunia kilo mia. Mnunuzi wa senta akaja na daftari lake kama kila msimu. "Mzee, nakupa 650 kwa kilo, pesa hii hapa." Mnunuzi huyo ndiye aliyemkopesha mbegu mwezi wa tatu, na ndiye aliyemsaidia karo ya mtoto.

Msimu huo binti yake alikuwa amemwandikisha kwenye huduma ya bei kwa ujumbe mfupi. Katochi yake ikalia mfukoni. Akaisogeza karibu na macho, akasoma:

```
MAHINDI/KG: Kisenyi 920 Masindi 760 Busia 1000
```

Akarudia kusoma. Mnunuzi akauliza kuna msiba? Mzee akasema, "Hapana. Leo siuzi. Deni lako nitakulipa kwa pesa taslimu." Mnunuzi akafunga daftari polepole, akaondoka bila kuaga.

Siku mbili baadaye boda boda zilibeba magunia hadi barabara ya lami, lori likayachukua usiku, na alfajiri mzee alikuwa Kisenyi, Kampala, amekaa juu ya mzigo wake. Dalali akachoma gunia kwa bambo, punje zikatiririka kiganjani mwake. Akaziuma mbili. "Mzee, haya bado yana maji. 920 ni ya makavu. Nakupa 840." Wakapima, zikatoka kilo 1,960. Mzee akarudi nyumbani na shilingi 1,646,000 na ushee. Hajawahi kushika pesa nyingi hivyo za mahindi kwa siku moja. Akamlipa mnunuzi deni lake mbele ya watu, na tangu hapo hajamuuzia tena hata kilo moja.

Swali: ni simu iliyomkomboa huyu mzee, au kuna kitu kingine?

#2 Kijana_wa_Kasese

Hadithi tamu. Hiyo huduma ya bei inaitwaje na inaingia kwenye simu gani? Nataka kununua mpya.

#3 Busia_Mpakani

Mzee alikosea njia. Busia ilikuwa 1,000, yeye akakimbilia Kampala! Wakenya wananunua vizuri siku zote.

#4 Dereva_wa_Fuso

@Busia_Mpakani ndugu yangu, kutoka Kigumba kwenda Busia kwa kawaida unashuka karibu na Kampala halafu unapinda mashariki kupitia Jinja na Iganga. Hizo 80 unazoziona juu ya bei ya Kisenyi nitazila mimi kwenye dizeli. Kuna mtu amemuuliza Karani gharama za safari? Hadithi imeruka hapo kabisa.

#5 Mama_Ghala_Bweyale

Asante Karani, umeandika vizuri, na bambo umeliweka mahali pake. Ila Dereva kauliza jambo la msingi. Mimi nanunua na kuhifadhi nafaka hapa Bweyale, kwa hiyo nipe hesabu ya huyo mzee: boda hadi lami, lori, makuli wa kupakia na kushusha, magunia yenyewe, na alikula na kulala kwa kiasi gani.

#6 Karani_wa_Karuma

Mama shikamoo. Nilikuwa nazo kichwani, nikaziacha ili hadithi isiwe ndefu. Boda 3,000 kwa gunia. Lori 8,000. Kupakia na kushusha 2,000. Gunia tupu 1,500. Nauli yake ya kurudi, chakula na kulala 60,000.

#7 Mama_Ghala_Bweyale

Marahaba. Basi tuhesabu pamoja.

Kila gunia limekula 14,500. Mara ishirini ni 290,000. Ongeza 60,000 zake, inakuwa 350,000. Alipokea 1,646,400. Ukitoa gharama, mkononi zinabaki 1,296,400.

Sasa rudi senta. Kilo 2,000 kwa 650 ni 1,300,000, mnunuzi anakuja na magunia yake na gari lake, na mzee analala kwake. Kwa hesabu hiyo mzee amesafiri usiku mzima akarudi na pungufu ya shilingi 3,600.

Bei ya kwenye simu ni ya mzigo ulioshushwa sokoni, mkavu, msafi. Bei ya mnunuzi wa senta ni ya mzigo ulio mlangoni pako, na maji yake. Ukizisoma kama bei za kitu kimoja, utapanda lori bure.

#8 Kijana_wa_Kasese

Banange! Yaani pesa zote zile ni hewa?

#9 Mwalimu_wa_Hesabu

Si hewa. Mama amehesabu sawa, lakini kuna mlango ameuacha wazi. Amechukulia kwamba mnunuzi wa senta angempimia mzee kilo 2,000. Nani hapa amewahi kupimiwa kilo kamili na mizani ya senta? Mizani ile ya kuning'iniza, mshale wake hauanzii sifuri. Tuseme inakula kilo tano tu kwa kila gunia. Mzee analipwa kilo 1,900, yaani 1,235,000. Hapo Kisenyi inamshinda mnunuzi kwa zaidi ya 61,000. Kwa hiyo alipata au alipoteza? Inategemea mizani ambayo hadithi haikuionyesha.

#10 Mama_Ghala_Bweyale

Mwalimu, mzee alikuwa tayari ameshapima kwa mizani ya kikundi. Mtu anayejua kilo zake hamnyang'anyi tano tano kirahisi.

#11 Mwalimu_wa_Hesabu

Kujua ni kitu kimoja, mama. Kubishana na mtu aliyekulipia karo ni kitu kingine.

#12 Ndugu_wa_Mubende

Mnahangaika na hesabu wakati jibu liko wazi. Madalali ni wezi. Wa senta mwizi, wa Kisenyi mwizi. Ile 840 ni ujanja tu, walimwona mzee wa kijijini wakamkata 80. Maji gani wakati alikuwa amepukuchua tayari?

#13 Mama_Ghala_Bweyale

@Ndugu_wa_Mubende kupukuchua si kukausha. Mwezi wa saba na wa nane kwetu mvua hazijakatika vizuri, na wengi tunavuna mahindi yakiwa bado na maji kwa sababu ndege na wezi hawatungojei. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyoanikwa siku chache juu ya ardhi tupu yanaweza kuwa 16 au 17 na kwa macho yakaonekana mazuri kabisa.

Mwenye ghala akinunua ya 16 analipa maji, halafu anatoa pesa tena ya kuyaanika. Akiyapanga hivyo hivyo, baada ya muda katikati ya rundo panapata joto, ukungu unaingia, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Kwa hiyo anakata bei mapema. Kwamba wapo wanaokata kuliko inavyostahili, hapo nakubaliana nawe. Ndiyo maana ujue unyevu wako kabla hujapanda lori.

#14 Ndugu_wa_Mubende

Mkulima wa magunia ishirini atapata wapi kipima unyevu, mama?

#15 Nyuki_wa_Hoima

Chumvi na chupa! Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi theluthi moja, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja. Acha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji. Ikianguka chini, yamefika 13.

#16 Mama_Ghala_Bweyale

@Nyuki_wa_Hoima asante, njia hiyo inafanya kazi, ila mwisho wake rekebisha. Chumvi isipoganda inakuambia mahindi yako chini ya 15 hivi. Haitofautishi 14 na nusu na 13. Mimi nikiletewa yaliyopita kwenye chupa bado nayapima, na mengine nayarudisha kwenye turubai siku moja au mbili zaidi. Na chumvi yenyewe iwe kavu kweli. Ya kwenye kopo lililo wazi jikoni imeshavuta maji, itaganda hata kwa mahindi makavu.

Sasa fuateni, kwa sababu hapa ndipo ninapoona pesa ya mzee ilipopotelea. Tuseme yalikuwa 16. Angeyaanika hadi 13.5, kilo 2,000 zingeshuka hadi kama 1,942, maana maji yana uzito. Kwa 920 ni karibu 1,786,000. Toa gharama zile zile 350,000, zinabaki 1,436,000. Hizo ni 140,000 zaidi ya alizobaki nazo, kwa kazi ya turubai na jua. Kwangu mimi turubai ndilo lingemkomboa. Simu ilimwonyesha bei ya mahindi ambayo yeye hakuwa nayo.

#17 Karani_wa_Karuma

Mama hapo umenigusa. Lakini fikiria: mnunuzi wa senta alikuwa analipa 650 kwa makavu na mabichi sawasawa. Kwa nini mzee ajisumbue kuanika? Amejua kuna soko linalolipa ukavu siku simu ilipompeleka huko. Bila ujumbe ule angeendelea kuuza maji hadi anazeeka.

#18 Mama_Ghala_Bweyale

Hilo nalikubali nusu. Redio zimetuhubiria kukausha miaka yote.

#19 Msomi_wa_Mbarara

Hamjambo. Kwa kuwa redio imetajwa, jambo hili limeshapimwa Uganda. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mradi uliokusanya bei za masoko na kuzitangaza kwenye redio za wilaya. Svensson na Yanagizawa walichapisha utafiti mwaka 2009 wakaona kwamba katika wilaya zilizofikiwa na mradi, wakulima wenye redio walipata bei ya mahindi shambani iliyo juu kwa takriban asilimia 15. Angalieni, ni bei ya shambani. Walibaki wanauza pale pale wakijua cha kudai.

Mwaka huo huo wa 2009 Muto na Yamano walichapisha utafiti mwingine wa Uganda, kuhusu kuenea kwa mtandao wa simu. Waliona wakulima wa ndizi walio mbali na mji wa wilaya wanaingia sokoni zaidi mtandao ukifika. Kwa mahindi hawakuona badiliko hilo.

Mimi nasoma hivi: ndizi inaoza, kwa hiyo kumpigia mnunuzi aje leo kuna thamani kubwa. Gunia la mahindi linaweza kungoja. Faida ya mzee ilikuwa kumwambia mnunuzi "najua Masindi ni 760, nipe 700". Hakuwa na haja ya kupanda lori.

#20 Dereva_wa_Fuso

Msomi, angepewa 700? Mnunuzi anajua mzee hana gari.

#21 Mwalimu_wa_Hesabu

Tena tafiti hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Moja inapima bei, nyingine inapima kama mtu anauza au hauzi. Na ya pili ni takwimu za mwaka 2003 na 2005, wakati kijiji kizima unaweza kukuta simu moja. Usizigeuze kuwa hukumu juu ya mzee wa leo mwenye ujumbe wa bei mfukoni.

#22 Msomi_wa_Mbarara

Ni kweli kuhusu miaka. Hoja ya ndizi na mahindi bado naishikilia.

#23 Shangazi_Senta

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni mnunuzi wa senta, sasa nitukaneni.

Hakuna aliyehesabu deni. Ninapompa mtu mbegu mwezi wa tatu na karo mwezi wa tano, sitozi riba. Riba yangu imo ndani ya 650. Akiniuzia, nimerudishiwa. Akienda Kampala halafu akanirudishia mkopo vile vile ulivyo, amekula pesa yangu bure miezi minne. Mzee wa hadithi hakuonewa, amehama bila kulipa kodi ya nyumba aliyolala. Na msimu ujao mtoto akifukuzwa shule mwezi wa tano, ile katochi itampa karo?

#24 Ndugu_wa_Mubende

Riba iliyojificha ndani ya bei ndiyo wizi wenyewe, shangazi! Sema riba ni kiasi gani, mtu achague.

#25 Shangazi_Senta

Nikisema, benki itamkopesha? Mtu asiye na hati ya shamba? Nenda naye.

#26 Karani_wa_Karuma

Shangazi, karibu sana, na nashukuru umeandika. Nilipotunga lile daftari linalofungwa polepole, nilimwaza mtu anayeumia. Sikumwaza mwizi.

#27 Busia_Mpakani

Narudi kwenye mpaka. Mnasema Busia mbali, sawa. Ila bei ya Kisenyi yenyewe inasukumwa na sisi. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu. Mimi nilikuwa na mzigo njiani. Jioni bei ilikuwa nzuri, asubuhi hakuna anayegusa gunia. Nikauza kwa yeyote aliyekuja, kwa bei yoyote. Hadi leo mpaka umefungwa kwa mahindi, watu wanapitisha kwa njia za panya tu.

#28 Mama_Ghala_Bweyale

Pole kwa hasara, ndugu. Lakini marufuku haikudumu. Ilitoka tarehe 5 Machi 2021, na tarehe 10 Machi Kenya ikaiondoa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha mahali ulikotoka, na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wenye mzigo mkavu na vyeti wanapita. Hata Sudan Kusini walizuia malori ya nafaka yetu mwaka 2023 upande wa Nimule kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu.

#29 Busia_Mpakani

Masharti ambayo mkulima wa magunia ishirini hawezi kuyatimiza ni sawa na marufuku, mama. Cheti cha maabara kwa tani mbili?

#30 Mama_Ghala_Bweyale

Kwa tani mbili peke yake, hapana. Hapo huna ubishi nami.

#31 Dereva_wa_Fuso

Jibu lake ni kikundi. Kikundi kina mizani, kwa nini hakina lori? Fuso yangu inabeba magunia mia. Wakulima watano kama huyo mzee wakijaza gari, siwatozi 8,000 kwa gunia, maana sihangaiki kuzunguka vijijini kuokota mizigo. Na mtu mmoja tu ndiye anayesafiri nayo, wanne wanabaki shambani, zile 60,000 wanagawana.

Jambo lingine kuhusu bei ya simu. Ujumbe unaosoma asubuhi umekusanywa jana. Ukiusoma wewe Kigumba, wa Masindi naye ameusoma, na wa Mubende. Nimewahi kufika Kisenyi alfajiri nikakuta foleni ya malori hadi nje, wote tumefuata namba ile ile. Kufika saa nne asubuhi ile namba haipo tena. Siku hizi kabla sijawasha gari nampigia mtu aliye sokoni, namuuliza malori mangapi yameshushwa jana usiku. Hilo halimo kwenye ujumbe wowote wa bei.

#32 Kijana_wa_Kasese

Basi Masindi je? Ni karibu na Kigumba na ilikuwa 760. Mbona hakuna anayeitaja?

#33 Mama_Ghala_Bweyale

Kijana umeuliza vizuri kuliko wote. Lori la Masindi tuseme 3,000 kwa gunia, boda 3,000 ile ile, makuli 1,000, gunia 1,500. Jumla 170,000, na nauli yake 10,000. Kilo 2,000 kwa 760 ni 1,520,000. Anabaki na 1,340,000, na jioni yuko nyumbani. Hiyo inamshinda mnunuzi wa senta kwa 40,000 na Kisenyi kwa zaidi kidogo. Sharti ni ghala la Masindi lipokee unyevu wake bila kumkata, na kwa hilo angepiga simu aulize kabla ya kupakia. Macho ya mzee yaliruka 760 yakatua kwenye 920. Wengi wanafanya hivyo.

#34 Karani_wa_Karuma

Mtashangaa, sehemu ya pili ya hadithi inaishia huko huko. Msimu wa pili mzee anapigia ghala la Masindi, anauliza "mnapokea unyevu gani, na mizani yenu ni ya aina gani?" Anaanika, anauza Masindi. Nimeiacha kwa sababu nilitaka kuona mtasema simu ilimsaidia wapi.

#35 Msomi_wa_Mbarara

Basi kilichomsaidia ni ile simu ya kupiga. Ujumbe wa bei ulimpoteza.

#36 Mwalimu_wa_Hesabu

Au hasara ya Kisenyi ndiyo iliyomfundisha nini cha kuuliza. Asingejua kuuliza unyevu kama hajachomewa gunia na bambo.

#37 Shangazi_Senta

Na huo mkopo wa mbegu wa msimu wa pili alipewa na nani?

#38 Karani_wa_Karuma

Shangazi, hapo bado sijaandika. Nilifikiria binti yake atume pesa kwa simu, lakini naona ni njia rahisi mno, wazee wengi hawana binti wa hivyo. Wewe ungempa?

#39 Shangazi_Senta

Ningempa mbegu, kwa riba iliyoandikwa kwenye daftari safari hii. Karo, hapana.

#40 Ndugu_wa_Mubende

Angalau hiyo tutaisoma! Ila zile kilo 40 zilizopotea Kisenyi bado hakuna aliyenieleza. 2,000 nyumbani, 1,960 sokoni. Mmoja aseme ni maji, mwingine aseme ni mizani. Mimi nasema ni mizani.

#41 Dereva_wa_Fuso

Usiku mmoja chini ya turubai la lori hayakauki kilo 40. Labda gunia lilipasuka, makuli wakafagia za kwao. Nimeyaona hayo.

#42 Mama_Ghala_Bweyale

Au mizani ya kikundi ndiyo iliyozidisha. Lini mara ya mwisho ilikaguliwa na kupigwa muhuri?